Wanaopatana na Wote: Maswali na Majibu Kuhusu Kiini cha Kundi

Mwanafunzi anayeanza aljebra ya chuo kikuu hukutana mapema na sentensi moja fupi: kiini cha kundi lolote ni kijikundi, tena normali, tena cha Kiabeli. Uthibitisho wake haujazi hata nusu ukurasa wa daftari, na wengi huukariri usiku wa kuamkia mtihani. Lakini ukimwuliza aliyeukariri tofauti kati ya kuwa normali na kuwa ndani ya kiini, mara nyingi utamwona anasita. Hapo ndipo nataka tukae leo, kwa kuwa maneno hayo matatu hayasemi jambo moja, ingawa yote matatu yanatoka katika chemchemi moja.

Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi kila ninapolifundisha somo hili. Kuyafuata kunahitaji karatasi, mkasi, kalamu na utulivu wa nusu saa.

Kundi ni nini hasa?

Kata karatasi iwe mraba. Andika A kwenye pembe ya juu kushoto, B juu kulia, C chini kulia, D chini kushoto. Kisha igeuze, na nyuma ya kila herufi uandike herufi ile ile, ili pembe ijulikane hata karatasi ikiwa imelala kifudifudi. Ilaze mezani na uchore mpaka wake kwa penseli. Swali ni hili: unaweza kuinyanyua na kuirudisha ndani ya mpaka huo kwa namna ngapi tofauti?

Jibu ni nane. Unaweza kuiacha ilivyo. Huo nao ni mwendo, na tutauita e. Unaweza kuizungusha robo mzunguko kwa kufuata mshale wa saa, tuuite r. Ukiufanya mara mbili unapata nusu mzunguko, r², na mara tatu unapata r³. Halafu kuna miendo minne ya kupindua: p, unaobadilishana kushoto na kulia, q, unaobadilishana juu na chini, m, unaoshikilia pembe ya juu kushoto na ya chini kulia na kubadilishana zile mbili nyingine, na n, unaoshikilia ya juu kulia na ya chini kushoto. Hakuna wa tisa. Pembe A ina mahali panne pa kutua, na ikishatua, karatasi inaweza kuwa imelala chali au kifudifudi tu. Nne mara mbili ni nane.

Miendo hii nane ni kundi kwa sababu inatimiza masharti machache. Ukifanya mmoja kisha mwingine, matokeo ni mmojawapo wa wale nane. Upo mmoja usiobadilisha kitu, yaani e. Kila mwendo una kinyume chake kinachourudisha nyuma; kinyume cha r ni r³, na kinyume cha p ni p yenyewe. Na ukiunganisha miendo mitatu mfululizo, haijalishi kama unaihesabu miwili ya kwanza pamoja au miwili ya mwisho pamoja. Nitaandika xy kumaanisha “fanya x, kisha y”, na kinyume cha x nitakiandika x⁻¹.

Na kiini?

Sasa tazama kinachotokea tukibadili mpangilio wa vitendo. Nitasoma herufi kuanzia pembe ya juu kushoto nikifuata mshale wa saa, kwa hiyo mwanzo wetu ni ABCD. Fanya r: unapata DABC. Fanya p juu yake: unapata ADCB. Rudi mwanzo, na safari hii anza na p: unapata BADC. Kisha fanya r: unapata CBAD. Mambo ni tofauti kabisa. Miendo r na p haipatani.

Neno “kupatana” nalitumia kwa maana moja tu hapa: x na y hupatana iwapo xy na yx hutoa jibu lile lile. Jaribu basi r² na p. Ukianza na p, ABCD inakuwa BADC, na nusu mzunguko unaifanya DCBA. Ukianza na r², ABCD inakuwa CDAB, na p inaifanya DCBA. Jibu ni moja. Ukiendelea kujaribu r² na miendo mingine yote, utakuta inapatana nayo yote bila kubagua.

Kiini cha kundi ni mkusanyiko wa wale wanaopatana na kila mmoja katika kundi zima. Vitabu hukiandika Z(G), na hiyo Z inatokana na neno la Kijerumani Zentrum. Sharti lake ni kali: si kupatana na baadhi, wala na walio jirani, bali na wote.

Kwa nini kiini ni kijikundi, na si mkusanyiko wa hivi hivi?

Kijikundi ni sehemu ya kundi ambayo yenyewe inasimama kama kundi. Kwa hiyo tunahitaji kuhakikisha mambo matatu.

La kwanza ni kwamba e imo, na hilo halina ubishi, kwani kutofanya kitu hakugombani na tendo lolote.

La pili ni kwamba ukiunganisha wawili walio ndani ya kiini, matokeo yao hayatoki nje. Chukua z na w ndani ya kiini, na g yeyote katika kundi. Tunataka kujua kama zw inapatana na g. Andika zwg. Kwa kuwa w inapatana na g, wanaweza kupishana, na tunapata zgw. Kwa kuwa z nayo inapatana na g, wanapishana pia, na tunapata gzw. Kwa hiyo g imesafiri kutoka mwisho wa foleni hadi mbele, ikipita kwa mmoja mmoja, na hakuna aliyeizuia. Huo ndio uthibitisho mzima.

La tatu ndilo ambalo wanafunzi hulisahau: kinyume cha aliye ndani ya kiini nacho kimo ndani ya kiini. Tunajua kwamba zg = gz. Weka z⁻¹ mbele ya pande zote mbili na nyuma ya pande zote mbili. Upande wa kushoto z ya mbele inafutika, inabaki gz⁻¹. Upande wa kulia z ya nyuma inafutika, inabaki z⁻¹g. Kwa hiyo gz⁻¹ = z⁻¹g, na hilo ndilo tulilolitaka. Msilidharau jambo hili. Nambari 0, 1, 2, 3 na kuendelea zinaunganishika kwa kujumlisha bila kutoka nje, na 0 imo, lakini si kijikundi cha nambari kamili, kwa sababu kinyume cha 5 ni −5 nacho hakimo. Katika kundi lenye idadi yenye kikomo kinyume hupatikana chenyewe kwa kurudia mwendo mara za kutosha, kama r inavyoizaa r³. Katika kundi lisilo na kikomo huna dhamana hiyo, ni lazima uthibitishe.

Kazi hiyo ina malipo papo hapo. Tunataka kujua nani mwingine yuko katika kiini cha mraba wetu pamoja na e na r². Tumeona r na p hazipatani, kwa hiyo zote mbili ziko nje. Je, r³? Ingekuwa ndani, kinyume chake pia kingekuwa ndani, na kinyume chake ni r. Basi haimo. Je, q? Ukifanya p kisha r² unapata DCBA, ambayo ndiyo q yenyewe. Kinyume chake, q ikifuatwa na r² inakuwa p. Kama q ingekuwa ndani pamoja na r², p nayo ingekuwa ndani. Basi haimo. Kwa m, jaribio moja latosha: m kisha p hutoa DABC, p kisha m hutoa BCDA. Haimo. Na n ni m ikifuatwa na r², kwa hiyo inaanguka pamoja nayo. Kiini cha mraba ni e na r² tu, na tumekipata kwa majaribio mawili badala ya kujaza jedwali la visanduku 64.

Kwa nini ni cha Kiabeli?

Kundi huitwa la Kiabeli pale ambapo kila wawili ndani yake wanapatana. Jina linamkumbuka Niels Henrik Abel wa Norwei, aliyezaliwa 1802 na kufariki 1829 kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 26, baada ya kuchunguza milinganyo ambayo mizizi yake huhusiana kwa namna hiyo ya kupishana bila ugomvi.

Jibu la swali ni fupi kuliko historia yake. Aliye ndani ya kiini anapatana na kila mtu katika kundi. Wenzake wa ndani ya kiini ni sehemu ya hao watu wote. Basi anapatana nao.

Lakini usiigeuze sentensi hiyo. Miendo e, r, r² na r³ inapatana yenyewe kwa yenyewe, na ni kijikundi cha Kiabeli, ila r haimo katika kiini kwa kuwa inagombana na p. Kupatana nyumbani si sawa na kupatana na mji mzima. Kosa hili ndilo ninaloliona zaidi ya mengine yote katika karatasi za mitihani: mtu anakagua wanachama wenyewe kwa wenyewe, anaridhika, anaandika “kwa hiyo ni kiini”. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: katika uthibitisho wake hamna popote mwendo uliochukuliwa kutoka nje ya mkusanyiko anaoukagua.

Normali maana yake nini? Hapa ndipo ninapopotea.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Waweke watu wanne kuzunguka meza ya mraba, kama wachezaji wa karata, na karatasi yetu katikati. Aliyeketi upande wa kusini anafanya p: anabadilishana kushoto na kulia. Mwite aliyeketi mashariki, umwulize ameona nini. Kwake yeye, zilizobadilishana ni juu na chini. Tendo ni lile lile mbele ya macho ya wote, lakini alichokiita p mmoja, mwingine anakiita q.

Hisabati inaandika kubadili kiti kwa njia ya “nenda, fanya, rudi”. Nenda kwa g, fanya z, kisha urudi kwa g⁻¹. Kwa alama ni gzg⁻¹. Tujaribu na karatasi: nenda kwa r, fanya p, rudi kwa r³. ABCD inakuwa DABC, kisha ADCB, kisha DCBA. Hiyo ni q, kama jirani wa mashariki alivyosema.

Kijikundi ni normali iwapo, ukikitazama kutoka kiti chochote, unaona kijikundi kile kile. Wanachama wake wanaweza kubadilishana majina wao kwa wao, lakini hakuna anayetoka wala mgeni anayeingia. Kijikundi chenye e na p tu si normali, maana kutoka mashariki kinaonekana kuwa e na q. Na angalia: kijikundi hicho ni cha Kiabeli. Kwa hiyo kuwa cha Kiabeli hakukifanyi kijikundi kuwa normali.

Sasa chukua mizunguko minne, e, r, r² na r³. Fikiria meza ni ya kioo, na mtu mmoja amelala chini yake anatazama juu. Robo mzunguko unaofuata mshale wa saa kwetu, kwake unakwenda kinyume na mshale wa saa. Anachokiita r³ sisi tunakiita r. Majina yamebadilishana, lakini mkusanyiko mzima wa mizunguko umebaki ule ule. Kijikundi hiki ni normali.

Hatimaye mwulize kila mmoja, wanne wa juu na yule wa chini ya kioo, kuhusu nusu mzunguko. Wote watajibu kwa neno moja: nusu mzunguko. Hakuna kiti unachoweza kukalia kikaubadilisha kuwa kitu kingine.

Basi kwa nini kiini ni normali daima?

Chukua z ndani ya kiini na g yeyote. Nenda, fanya, rudi: gzg⁻¹. Kwa kuwa z inapatana na g, wapishane: zgg⁻¹. Lakini gg⁻¹ ni kwenda na kurudi, yaani kutofanya kitu. Inabaki z.

Tazama tumepata nini. Sharti la kuwa normali lilidai tu kwamba gzg⁻¹ ibaki ndani ya kijikundi. Sisi tumepata zaidi: imebaki z ile ile, haikusogea hata kidogo. Kijikundi normali kwa kawaida hutulia kama kijiji ambacho watu huhamiana nyumba lakini hakuna anayevuka mpaka. Katika kiini, kila mtu yuko kwenye nyumba yake. Ndiyo sababu pia kijikundi chochote kilichomo ndani ya kiini, hata ukikichukua kipande, kitakuwa normali katika kundi zima. Mahali pengine huna uhakika huo.

Ni kosa, basi, kusema kwamba kila kijikundi normali cha Kiabeli kimo ndani ya kiini. Mizunguko minne ya mraba ni normali, ni ya Kiabeli, na bado nusu yake iko nje ya kiini. Wala kuwa normali hakumaanishi kuwa cha Kiabeli: kundi zima la mraba ni normali ndani ya lenyewe, nalo lina r na p zisizopatana.

Kuna haja gani ya kujua kwamba ni normali?

Kwa sababu kijikundi normali ndicho pekee unachoweza kukifuta bila kuharibu hesabu iliyobaki. Évariste Galois wa Ufaransa aliona umuhimu wa vijikundi vya namna hii, na alieleza jambo hilo katika barua aliyomwandikia rafiki yake Auguste Chevalier tarehe 29 Mei 1832, usiku wa kuamkia pambano la bastola lililomwua akiwa na miaka 20.

Tuone kinachoharibika. Tuseme unataka kuishi kama kwamba p si kitu, uihesabu sawa na e. Vema, lakini basi “nenda kwa r, usifanye kitu, urudi” lazima iwe si kitu pia. Tulishafanya hesabu: r, p, r³ inatoa q. Kwa hiyo unalazimika kuifuta q nayo. Halafu p ikifuatwa na q hutoa CDAB, yaani r², nayo inakwenda. Ulitaka kufuta mmoja, umefuta watatu, kwa sababu ulichokishika hakikuwa normali.

Ukifuta kiini, hakuna kinachovuja. Iseme r² si kitu, na miendo nane inajikusanya katika jozi nne: e na r², r na r³, p na q, m na n. Jozi hizi zenyewe ni kundi. Na kumbuka ugomvi wetu wa mwanzo: r kisha p ilitoa ADCB, ambayo ni m, na p kisha r ilitoa CBAD, ambayo ni n. Sasa m na n ziko katika jozi moja. Ugomvi umekwisha, na kundi jipya la wanachama wanne ni la Kiabeli, ingawa kundi kubwa halikuwa hivyo. Si kila kundi hutulia kwa hatua moja namna hii, lakini kwa mraba hatua moja imetosha.

Je, kiini kinaweza kuwa nusu ya kundi?

Hakiwezi, na sababu yake inapendeza. Tuseme kiini kingekuwa nusu kamili. Chukua mmoja aliye nje, x. Nusu ya pili yote ingepatikana kwa kuunganisha x na wale wa kiini, yaani kila aliye nje angekuwa wa sura xz. Lakini xz na xw hupatana, kwani x inapatana na yenyewe na z na w zinapatana na wote. Basi kila mtu angepatana na kila mtu, na kiini kingekuwa kundi zima, si nusu. Theluthi nayo inafungwa na hoja ya aina hiyo hiyo. Kundi ambalo lina hata wawili wasiopatana, kiini chake hakizidi robo. Mraba wetu umefika kwenye mpaka huo: wawili kati ya nane.

Kwa nini mraba una kiini chenye watu wawili, na pembetatu haina?

Pembetatu yenye pande sawa ina miendo sita: mizunguko mitatu na miendo mitatu ya kupindua. Kiini chake ni e peke yake. Hilo halivunji kanuni yetu, kwa kuwa e peke yake ni kijikundi, ni normali na ni cha Kiabeli.

Sababu ya tofauti iko katika kuhesabu. Wakusanye wale ambao watu wa viti mbalimbali huchanganya majina yao. Katika mraba, e iko peke yake, r² iko peke yake, r inachanganywa na r³, p na q, m na n. Hesabu ni 1+1+2+2+2, jumla 8. Walio peke yao ndio kiini. Kuna kanuni kwamba ukubwa wa kila kifungu ni lazima ugawe ukubwa wa kundi bila baki. Kwa kundi la 8, kifungu chenye zaidi ya mmoja kitakuwa cha 2 au 4, shufwa vyote. Ili jumla iwe 8, idadi ya walio peke yao nayo lazima iwe shufwa. Na e yuko peke yake siku zote, kwa hiyo hawezi kukosa mwenzake. Hoja hii inafanya kazi kwa kundi lolote lenye wanachama 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mbili, na pia kwa 9, 27 au 125, yaani nambari tasa moja ikizidishwa na yenyewe.

Katika pembetatu kundi ni la 6. Vifungu vinaweza kuwa vya 2 na vya 3, na ndivyo vilivyo: 1+2+3. Kimoja ni shufwa, kingine witiri, na hakuna kinachomlazimisha e kuwa na mwenzake.

Kuna mfano mkubwa kuliko karatasi?

Upo, na huenda uko nyumbani kwako. Mchemraba wa Rubik, alioubuni Ernő Rubik huko Hungaria mwaka 1974, ni kundi. Miendo yake ni mizunguko ya nyuso zake sita na yote inayotokana na kuiunganisha, na idadi ya hali tofauti ni 43,252,003,274,489,856,000. Kati ya hizo zote, ngapi zinapatana na kila nyingine?

Fikiri kwa mwanga wa kanuni yetu. Mwendo unaohamisha kipande kutoka mahali pake hauwezi kuwa katika kiini; utapata njia ya “nenda, fanya, rudi” itakayouonyesha ukihamisha kipande kingine. Kwa hiyo lazima kila kipande kibaki mahali pake, na kiwe kimegeuzwa papo hapo, tena vyote vya aina moja kwa kipimo kimoja. Pembe ziko nane, na kila moja inaweza kusokotwa theluthi ya mzunguko. Lakini mchemraba hauruhusu jumla ya misokoto isiyokuwa mizunguko kamili: theluthi nane si mizunguko kamili, wala theluthi kumi na sita. Pembe, basi, haziguswi. Vipande vya ukingoni viko 12, na kila kimoja kinaweza kupinduliwa. Mchemraba unadai idadi ya vilivyopinduliwa iwe shufwa, na 12 ni shufwa. Hapo mlango uko wazi.

Kwa hiyo kiini cha mchemraba wa Rubik kina wawili tu: kutofanya kitu, na hali ambayo vipande vyote 12 vya ukingoni vimepinduliwa papo hapo huku kila kingine kikiwa sawa. Mwaka 1995 Michael Reid alithibitisha kwamba kuifikia hali hiyo kunahitaji kuzungusha nyuso mara 20, haipungui. Mwaka 2010 ikathibitishwa kwa kompyuta kwamba hakuna hali yoyote ya mchemraba inayohitaji zaidi ya 20.